Kuchora hina kwa kuwafuata wateja majumbani: kuanzia unga mpaka bibi harusi wako wa kwanza

Kila ukikaribia mwezi wa Shaaban simu yangu haitulii. Si wateja tu, ni wadogo zangu wanaotaka kuanza kazi hii, na maswali yao ni yale yale: dada, mbona hina yangu haikolei? Unga gani mzuri? Bibi harusi nimtoze shilingi ngapi? Na piko je? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo naandika yote hapa, ukiniuliza nitakuletea ukurasa huu.

Kazi za urembo za kufanyia nyumbani ni nyingi. Kuna kusuka, kubandika kope, kucha, singo. Mimi nasema juu ya hina tu kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu vifaa vyake vyote vinaingia kwenye kikapu kimoja unachokipakata ndani ya bajaji kutoka Ngamiani mpaka Raskazone, hapa Tanga. Kuchora maua kwenyewe sitakufundisha. Hilo linataka mkono na mazoezi kwenye karatasi kila siku. Nitakwambia yale yanayowaangusha watu ambao kuchora tayari wanajua.

Kabla ya yote: piko

Nalianza hili kwa sababu mteja wako wa pili au wa tatu atakuuliza. Piko inayopakwa mitaani siku hizi kwa kawaida ni unga mweusi wa kupakia nywele, unakorogwa na maji unachorwa kwenye ngozi. Ndani yake mna kemikali inayoitwa PPD. Soma ubavuni mwa boksi utaikuta imeandikwa p-Phenylenediamine. Nchi za Ulaya zinaruhusu isizidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele, na kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Piko ya kukoroga kwa kukisia inaweza kuwa kali kuliko hapo mara nyingi, na inakaa kwenye ngozi saa nzima au zaidi.

Utaambiwa, "Mbona mimi napakwa miaka 10 sijaona kitu?" Ni kweli, si kila mtu hudhurika. Shida ni kwamba mwili unaweza kuizoea kwa ubaya: mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, mara ya tano malengelenge. Na kwa aliyepakwa mara ya kwanza, vidonda vinaweza kutokea baada ya siku kadhaa au hata wiki 2, wewe umeshalipwa na kusahau. Nimemwona binti mmoja hapa mjini, ndugu wa bibi harusi, ametokwa malengelenge yaliyofuata ua lote kama lilivyochorwa, jani kwa jani. Vidonda vilipona, kovu la ua limebaki. Na mwili ukishaikataa PPD hauisamehi tena. Binti yule hawezi kupaka rangi nyeusi ya nywele maisha yake yote.

Mimi piko sichori. Nimepoteza wateja kwa hilo na bado nawapoteza, hasa Idi. Anayetaka weusi namwonyesha picha ya hina yangu ikiwa na siku 2, iliyokolea mpaka inakaribia rangi ya kahawa, na ninamchorea maua yaliyojazwa ndani yenye mistari minene ukingoni ili yaonekane kwa mbali. Wengi hukubali. Asiyekubali namuaga kwa heri.

Koni za dukani nazo zitazame kwa jicho lile lile. Hina iliyokwisha korogwa hufa baada ya siku chache isipokaa kwenye baridi. Koni iliyokaa kabatini miezi 6 bila friza na bado inatoa rangi nyeusi ndani ya nusu saa, hiyo si hina peke yake.

Vitu vya kuwa navyo

Unga wa hina wa kuchorea, gramu 100 kwa kuanzia. Sukari. Ndimu au malimau. Mafuta halisi ya lavenda, chupa ya mililita 30. Bakuli la plastiki au la udongo, na mwiko wa mbao. Soksi nyepesi ya nailoni, mpya, ya kuchujia. Karatasi ya nailoni ngumu inayong'aa, ile ya kufungia mashada na zawadi. Selotepu, mkasi, pini. Glavu. Pamba, vijiti vya meno, kitambaa chenye unyevu, kanga kuukuu ya kutandika. Taa ndogo ya kuchaji, maana umeme utakatika mkono wa kushoto ukiwa haujaisha. Na daftari.

Juu ya unga: unga wa kupaka nywele na unga wa kuchora ni mmea mmoja, tofauti ni usagaji. Ule wa nywele una chembe na nyuzi, utaziba koni kila dakika. Chukua unga laini kama poda, wenye rangi ya kijani iliyofifia, unaonukia kama majani makavu. Nyumbani tia kidole kimoja cha unga kwenye glasi ya maji. Maji yakigeuka kijani kibichi kama rangi ya juisi papo hapo, umetiwa rangi ili uonekane mpya. Mchanga ukitulia chini, umechanganywa. Nunua kidogo kidogo kwa wauzaji wawili watatu mpaka umpate wa kumwamini, ukishampata usihame.

Hatua ya 1: Koroga siku moja kabla

Hina haitoi rangi mara tu ikishika maji. Rangi iko ndani ya jani, na inahitaji muda pamoja na uchachu kidogo ili itoke. Ndiyo maana ya ndimu, na ndiyo maana ya kulaza usiku.

Chekecha gramu 100 za unga. Tia vijiko 2 vya chakula vya sukari. Mimina maji ya ndimu yaliyochujwa kidogo kidogo huku unakoroga, mpaka upate uji mzito kama wa viazi vilivyopondwa. Tia mafuta ya lavenda mililita 25 mpaka 30, koroga tena. Funika kwa nailoni iliyogusana na uji wenyewe, hewa isipate nafasi. Kwa jumla utatumia karibu mililita 250 za maji ya ndimu, lakini nusu ya robo ya hayo ibakize ya kulegeza kesho.

Mafuta si kwa ajili ya harufu. Ndiyo yanayoifanya rangi ikolee, na ukiyaacha utapata hina ya rangi ya chungwa tu. Kuna wanaotia mafuta ya taa au petroli kwa nia hiyo hiyo. Usithubutu. Yanachoma ngozi, na unamfukizia bibi harusi moshi wa gereji. Mafuta ya karafuu nayo hukoleza, ila ni makali na baadhi ya watu yanawawasha, kwa hiyo mimi kwa wateja siyatumii.

Sukari inashika unyevu ili hina isikauke ikapukutika. Hapa kwetu lazima uifuate hali ya hewa. Wakati wa masika, hewa ikiwa imelowa, vijiko 2 vitafanya maua yabaki mabichi mpaka yateleze, basi tia kimoja. Wakati wa kaskazi, joto kali na upepo mkavu, vijiko 2 vilivyojaa ni sawa.

Hatua ya 2: Ijaribu kabla ya kuijaza

Kwa joto la Tanga, ukikoroga baada ya Isha, asubuhi iko tayari. Usikisie. Paka tone kwenye kiganja chako, subiri dakika 5, futa. Ukiona alama ya chungwa iliyo wazi, imetoa rangi. Alama hafifu, isubiri saa 2 zaidi. Uji wa juu utakuwa umegeuka kahawia na wa chini bado kijani, hiyo ni kawaida.

Kosa la wanaoanza ni kuiacha juani "iive vizuri". Hina iliyopita kiasi kwenye joto inakufa: inachorwa vizuri, inakauka vizuri, rangi haipo. Ikishakuwa tayari, ijaze siku hiyo hiyo. Usiyoitumia iweke friza ndani ya koni zake, itakaa miezi. Ukiitoa, iache iyeyuke yenyewe na uitumie ndani ya siku moja. Kuirudisha friza mara mbili mbili kunaiharibu.

Hatua ya 3: Chuja, legeza, jaza

Tia uji ndani ya soksi ya nailoni, kamua kwenye bakuli jingine. Kazi hii inachosha mkono na inachafua, lakini ukiiruka utailipia mbele za watu, koni inaziba na shangazi zake wote wanakutazama. Legeza kwa ile ndimu uliyobakiza mpaka uji ukiuinua kwa mwiko unadondoka kama utepe laini usiokatika.

Kata nailoni vipande vya sentimita 15 kwa 20. Viringisha kuanzia kona mpaka upate koni yenye ncha iliyofungana kabisa, bandika selotepu, chomeka pini kwenye ncha ili iizibe. Jaza theluthi mbili tu, kunja mdomo, funga. Gramu 100 za unga zitakupa koni kama 15 za gramu 25 hivi.

Hatua ya 4: Panga siku na wenye shughuli

Hapa ndipo nilipoaibika mimi mwenyewe. Bibi harusi wangu wa kwanza nilimchora asubuhi ya siku ya ndoa. Jioni anatolewa, mikono ni ya chungwa kama embe. Mama yake hakunisema, alinitazama tu. Yale maua yalikolea siku ya pili, harusi imekwisha.

Hina ukiibandua ni ya chungwa. Inakolea polepole kwa saa 24 mpaka 48. Basi hesabu kurudi nyuma. Ndoa ikiwa Ijumaa baada ya Alasiri, chora Jumatano usiku, bandua Alhamisi alfajiri, Ijumaa rangi imeiva.

Halafu ongea na somo wake, yule mama anayemfunda, si bibi harusi peke yake, kwa sababu somo ndiye mwenye ratiba. Muulize singo inaisha lini. Singo na liwa zinasugua ngozi ya juu, na ngozi ya juu ndiyo inayoshika hina, kwa hiyo singo ikija baada ya hina inaondoka na kazi yako. Ikifanywa siku ile ile kabla yako, mafuta yake yataizuia rangi isiingie. Kunyoa na kutoa vinyweleo mikononi na miguuni vilevile viishe siku moja kabla. Kwa mfano wetu, mambo hayo yote yawe yamekwisha Jumanne.

Jambo la tatu ni swala. Hina ikiwa bado juu ya ngozi, maji ya udhu hayafiki. Bibi harusi aliye kwenye siku zake hana shida hii. Aliye twahara, anza mara baada ya Isha ili Alfajiri uwe umebandua. Zungumzeni mapema, kwa stara, msije mkajikuta saa 12 jioni mkiulizana mlangoni.

Chukua arubuni, nusu ya bei, siku mnayopatana. Na uliza kabisa: wageni wangapi watachorwa?

Hatua ya 5: Fika, tayarisha, chora

Piga hodi, shikamoo kwa wakubwa, vua viatu, ndipo uulize utakaa wapi. Omba sehemu yenye feni na ukuta wa kuegemea. Mwambie bibi harusi ale, anywe maji, aende msalani, aseme na simu yake. Akishachorwa mikono hana mikono.

Anawe kwa sabuni, akauke vizuri. Hakuna losheni, hakuna mafuta ya nazi. Uliza kama aliwahi kuwashwa na hina au rangi ya nywele. Mtoto mchanga usimpake hata nukta ya "baraka" kiganjani. Kuna watu huzaliwa na upungufu wa kitu kinachoitwa G6PD kwenye damu, na kwao hina inaweza kuvunja chembe za damu. Mtoto mchanga ngozi yake ni nyepesi, na mara nyingi mama mwenyewe hajui kama mwanawe anao. Mtu mzima anayejua ana tatizo hilo naye usimchore.

Anza na miguu, kisha juu ya mikono na vigasha, viganja mwisho. Sababu ni hii: kiganja na unyayo vina ngozi nene, vinashika rangi haraka na kwa ukali. Juu ya mkono ni pagumu zaidi, panahitaji saa nyingi, basi patangulie. Ukianza saa 2 usiku ukamaliza saa 7, viganja vitakuwa na saa 4 kabla ya Alfajiri na vitakolea tu.

Mstari ukikosea, uondoe hapo hapo kwa kijiti cha meno na pamba yenye unyevu. Ukisubiri dakika 3 alama imeshabaki, ligeuze kosa liwe jani.

Hatua ya 6: Funga na uelekeze

Hina ikianza kukauka, changanya maji ya ndimu na sukari kidogo, gusisha kwa pamba taratibu, mara 2 tu. Ukizidisha, maua yatavuja. Kama umemchora mtu mchana, mwambie asikae juani ndimu ikiwa ngozini. Ndimu na jua pamoja huunguza ngozi, na hina itasingiziwa.

Ibakie saa 6 mpaka 8, viganja hata 4 vinatosha. Kubandua ni kwa kukwangua kwa kisu butu au kusugua mikono, bila maji. Kisha mafuta ya nazi au ya ufuta. Udhu wa Alfajiri autie juu ya mafuta yale, asisugue wala asitumie sabuni. Siku nzima ya kwanza asifue, asioshe vyombo, na kwenye nyumba ya shughuli hakuna atakayemwacha avioshe.

Picha ni mali yao. Familia nyingi hapa hazitaki hata mkono wa mwali uonekane kwenye simu ya mtu. Omba ruhusa kwa bibi harusi na kwa mama yake. Wakikataa, chora ua lile lile kwenye mkono wa mdogo wako na upige huo.

Shughuli moja kwa hesabu

Nikupe shughuli yangu ya karibuni, nje kidogo ya mji kuelekea Pongwe. Bibi harusi mmoja, mikono mpaka kwenye kiwiko na miguu mpaka juu ya kifundo, na wageni 8 wa maua mepesi.

Unga gramu 100 nilinunua 8,000, mafuta 20,000, ndimu na sukari 3,000, nailoni na selotepu 2,000. Jumla 33,000 kwa koni 15, kila koni ni 2,200. Bibi harusi alimaliza koni 4, wageni 3. Koni 7 ni 15,400. Bajaji kwenda na kurudi 12,000. Glavu na pamba 2,000. Msaidizi wangu, binti wa jirani anayekaza koni na kushika taa, 15,000. Gharama zote 44,400.

Bibi harusi nilimtoza 80,000, wageni 6,000 kila mmoja, yaani 48,000. Niliingiza 128,000, nikabakiwa na 83,600. Muda: kukoroga na kujaza saa 1 na nusu, njia saa 1, bibi harusi saa 5, wageni saa 2. Saa 9 na nusu, kila saa kama 8,800. Bei za kwako zitakuwa tofauti, lakini hesabu ifanye hivi hivi, na muda wa kukoroga uuhesabu. Wengi wanahesabu unga na nauli tu, wanajiona wana faida kumbe wanafanya kazi ya usiku kucha bure.

Sasa angalia panapovuja. Ukishamaliza wageni 8 atakuja wa tisa: "Mwanangu, na mimi kijiua kidogo tu hapa." Kisha watoto watatu. Kila kijiua ni dakika 10 na hakuna anayefikiri kinalipiwa. Siku hizi napatana na mama mwenye shughuli mapema, wageni ni idadi hii, anayezidi analipa 3,000 mkono mmoja, na somo ndiye anayewaambia, si mimi. Bibi mzaa mama wa mwali simtozi. Hilo halimo kwenye daftari.

Kumbuka pia kwamba kazi hii ina misimu. Shaaban na Mfungo Mosi hulali. Ramadhani ni kimya mpaka siku 3 za mwisho, ndipo mji mzima unataka hina ya Idi kwa usiku mmoja. Kwa usiku huo sichori maua makubwa. Nakaa kibarazani kwangu, michoro 4 kwenye karatasi, mteja anachagua, dakika 10, anayefuata.

Mambo yanayoharibika, na utakavyojua sababu

Rangi imebaki ya chungwa hata siku ya pili. Uliza kwanza kama alinawa mapema au alitia sabuni. Kama hapana, tazama daftari: ulikoroga lini, uliijaribu? Ikiwa wateja wote wa bakuli lile wamepauka, hina ilikufa au mafuta si halisi. Ikiwa ni mmoja tu, ni ngozi yake au mafuta aliyojipaka. Ndiyo kazi ya daftari, kila bakuli tarehe na saa yake.

Kiganja kimekolea lakini kigasha kimepauka. Hakuna kosa, ngozi ya kigasha ni nyembamba. Mwambie mteja kabla ya kuchora, ukimwambia baadaye itasikika kama kisingizio.

Maua yanatapakaa baada ya kuchora. Uji mwepesi, sukari nyingi, au hewa imelowa. Elekeza feni, na bakuli lijalo punguza kijiko cha sukari. Yakipukutika kabla ya saa 2, ni kinyume chake.

Koni inatoka puu na kuacha tone. Kuna hewa ndani. Ibonyeze kwenye karatasi mpaka hewa itoke, ukaze mdomo tena.

Mteja anawashwa hina ikiwa bado juu. Usibishane naye wala usimwambie avumilie. Bandua yote, osha kwa maji mengi na sabuni, na mchoro uende. Mara nyingi ni mafuta au ndimu, hivyo mara nyingine, akitaka, mkorogee kwa maji ya chai ya rangi bila mafuta na umjaribu kwa nukta moja nyuma ya sikio siku 2 kabla. Akivimba au akipata malengelenge, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na umwandikie kwenye karatasi kila ulichotia ili mganga asome. Hapo utafurahi kwamba kwenye bakuli lako kila kitu unakijua kwa jina.

Na yule atakayekupigia simu asubuhi ya Alhamisi akilia kwamba hina ni ya chungwa na ndoa ni kesho: mwambie apake mafuta ya nazi, avae soksi, aweke mikono pajoto, asiguse maji, na akupigie tena baada ya swala ya Isha.